Mfasiri Si Mtengeneza Vyeti

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kukifasiri cheti cha shule ni kazi ndogo. Karatasi ni moja, maneno hayazidi mia moja, na nusu ya maneno hayo ni majina ya masomo. Lakini tumekwisha sikia mara nyingi habari ya kijana wa Makangale aliyeuza mbuzi wawili ili apate nauli, akapita msitu wa Ngezi mpaka Konde, akashuka bandarini, akavuka bahari na kwenda kuupeleka ubalozini mfuko wake wa karatasi, kisha akarudishwa nyumbani kwa sababu ya herufi moja. Makosa hayakuwa ya kijana wala ya karani wa ubalozi. Yalikuwa ya mfasiri aliyejiona mwema.

Tunasema mwema kwa makusudi. Mfasiri mwizi, anayepandisha alama kutoka D hadi B, hujulikana upesi, maana matokeo ya Baraza la Mitihani la Tanzania hutangazwa wazi kwa namba za watahiniwa, na mtu yeyote mwenye kompyuta ofisini mwake aweza kuyatazama. Huyo tunamwachia polisi. Tunayetaka kumsema leo ni mfasiri mwaminifu, mwenye elimu na moyo safi, ambaye akiona kosa katika cheti hulisahihisha kimyakimya kwa kumwonea kijana huruma. Huyo ndiye anayewaponza vijana wetu, na hakuna anayemkemea.

Tuchukue mfano, na jina tutakalolitaja si la mtu tumjuaye bali tumeliunga wenyewe kutokana na majina ya kawaida ya Pemba. Kijana anaitwa Khamis Faki Kombo. Ndivyo lilivyo jina lake katika paspoti. Lakini mwalimu aliyeandikisha watahiniwa wa kidato cha nne aliandika Hamisi Faki Kombo, na cheti kikatoka hivyo. Sasa kijana anataka kwenda Omani kusoma ufundi, na ameambiwa alete cheti chake kikiwa kimefasiriwa kwa Kiarabu.

Kwanza inafaa tuulize tofauti hiyo ya Khamis na Hamisi imetoka wapi, maana si uzembe mtupu wa mwalimu. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 na serikali za kikoloni za Afrika ya Mashariki iliyaweka sawa maandishi ya Kiswahili kwa kufuata lahaja ya Unguja, na sauti ya kh iliyokuwamo katika maneno mengi ya asili ya Kiarabu ikazoeleka kuandikwa kwa h tupu. Khabari ikawa habari, kheri ikawa heri. Mwalimu aliyefundishwa kuandika habari haoni ajabu kuandika Hamisi. Lakini mtu hasafiri kwa kamusi, husafiri kwa paspoti, na mashine inayosoma ile mistari miwili ya chini katika ukurasa wa picha, kila mstari wenye nafasi 44, haijui kwamba Khamis na Hamisi ni Alhamisi ile ile aliyozaliwa mtu. Kwa mashine hiyo hao ni watu wawili.

Karatasi inamfikia mfasiri wetu. Yeye anajua Kiarabu vizuri. Anajua kwamba jina hili kwa Kiarabu huandikwa kwa kha, ile herufi ya kooni, na hakuna Mwarabu aliandikaye kwa ha. Basi analiandika kwa kha, ambalo si kosa. Kosa ni kwamba hasemi lolote zaidi. Msomaji wa tafsiri anaona Khamis, anafungua paspoti anaona Khamis, anaridhika. Kisha anafunua cheti chenyewe na kukuta Hamisi. Hapo ndipo anaposhtuka, na kwa haki, kwa kuwa karatasi iliyotiwa sahihi kuwa ni tafsiri kamili imemficha jambo lililokuwamo katika asili. Mfasiri aliyetaka kumfichia kijana aibu ndogo amemtia katika shaka kubwa.

Alipaswa kufanya nini? Kila penye jina, aliandike kwa herufi za Kiarabu, na papo hapo kando yake, ndani ya mabano, aliandike kwa herufi za Kilatini kama lilivyo katika cheti, herufi kwa herufi, hata kama ni kosa: HAMISI FAKI KOMBO. Asiongeze herufi, asipunguze, asigeuze mpangilio wa majina matatu, na ikiwa asili imeandikwa kwa herufi kubwa naye aandike kwa herufi kubwa. Chini ya ukurasa aweza kuandika maelezo ya mfasiri kwamba jina limenakiliwa kama lilivyo katika asili. Zaidi ya hapo hana amri. Tofauti ya cheti na paspoti hutatuliwa mahali pengine: kwanza kwa kuliuliza Baraza lililotoa cheti kama linaweza kusahihisha, na ikiwa haiwezekani, kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu ikisema kwamba Hamisi na Khamis ni mtu mmoja. Hati hiyo nayo itafasiriwa, na katika tafsiri yake majina yote mawili yataonekana kama yalivyo. Tofauti iliyo wazi na yenye kiapo haimdhuru mtu. Iliyofunikwa humwangusha.

Jina la pili la kijana wetu lina mtego mkubwa kuliko la kwanza. Faki asili yake ni faqihi, mwanachuoni wa sheria. Mfasiri msomi hawezi kujizuia. Kalamu yake yenyewe inakwenda kwenye qafu na ha ya mwisho, na kwa Kiarabu limekuwa neno zuri lenye maana. Lakini fikirini safari ya neno hilo. Karani wa huko ugenini anayetayarisha viza hulisoma kwa Kiarabu na kulirudisha katika herufi za Kilatini, na linatoka Faqih. Kijana aliondoka Makangale akiwa Faki na karatasi ya kuingilia nchi inamwita Faqih. Sisi twaonelea jina hilo liandikwe kwa kafu na ya, kama linavyosomeka katika paspoti na kama mama yake anavyomwita, na Kilatini kiwe mabanoni kulinda. Kuna hali moja tu ya kuacha kanuni hiyo: ikiwa kijana amekwisha kupewa karatasi ya Kiarabu na serikali ya huko, kwa mfano viza ya zamani, basi maandishi ya karatasi hiyo ndiyo yafuatwe, ili asiwe na majina ya namna tatu. Kwa hiyo mfasiri mzuri, kabla hajashika kalamu, huomba kuiona paspoti na karatasi zozote za Kiarabu alizo nazo mwenye cheti.

Kombo nalo halina asili ya Kiarabu, na Kiarabu hakina herufi ya o. Huandikwa kwa wau, na mgeni husoma Kumbu. Hapana dawa ya hilo ila yale mabano. Jambo la kukataza ni mazoea ya kutia neno bin kati ya majina, Khamis bin Faki bin Kombo, na wakati mwingine kutia hata jina la kabila mwishoni, kwa kuwa watu wa huko ndivyo wanavyoitwa. Jina likipambwa hivyo hupendeza masikioni, lakini bin haimo katika cheti. Neno ambalo halimo katika asili halina haki ya kuwamo katika tafsiri.

Kutoka kwa jina la mtu twende kwenye jina la mahali, maana elimu hapa pia huponza. Wanajiografia wa Kiarabu wa zamani waliita Pemba Kisiwa cha Kijani, Al-Jazira al-Khadhraa, na Wapemba wengi wanajivunia jina hilo. Lakini mhuri wa shule ukisema PEMBA, mfasiri aandike Pemba kwa sauti yake, kwa ba kwa kuwa Kiarabu hakina p, na Kilatini kando. Karani kijana hatakwenda kufunua vitabu vya karne zilizopita ili ajue kisiwa kipi kinasemwa. Zanzibar kwa Kiarabu ni Zinjibar, na jina hilo limekubalika, lakini Yemeni nako kuna mji uitwao Zinjibar, makao makuu ya mkoa wa Abyan. Kwa hiyo ikiwa cheti kimetaja Tanzania, neno hilo lisiachwe kwa kudhani kwamba kila mtu anajua.

Sasa tuingie katika kiini cha cheti, yaani alama. Vyuo vya nchi za Kiarabu hutumia maneno: mumtaz, jayyid jiddan, jayyid, maqbul. Cheti chetu kina herufi: A, B, C, D, F. Mfasiri anaona C, anajiambia C ni vizuri, anaandika jayyid. Nani amempa kazi ya kusawazisha elimu ya nchi mbili? Kazi hiyo ni ya wizara ya nchi inayompokea kijana. Herufi C ibaki C, kwa Kilatini, katika nafasi yake ya jedwali. Na madaraja vilevile. Katika hesabu yetu ya kidato cha nne A ni pointi 1 na F ni pointi 5, masomo saba bora hujumlishwa, na Daraja la Kwanza huanzia pointi 7 hadi 17. Pointi chache ndizo bora. Mgeni akiona mtu ana pointi 7 aweza kudhani amefeli. Huruma ya mfasiri itamwambia abadilishe. Uaminifu unamwambia aandike 7, kisha, ikiwa ubalozi unaruhusu maelezo, aeleze chini ya ukurasa kwamba katika utaratibu huu namba ndogo ndiyo ya juu. Wako pia vijana waliofanya mtihani mwaka 2014, ambao matokeo yao yalitolewa kwa wastani wa pointi na ngazi nyingine, kabla ya madaraja kurudishwa kwa watahiniwa wa mwaka uliofuata. Cheti cha mwaka huo kifasiriwe kwa ngazi za mwaka huo. Tumeona tafsiri iliyowageuza ndugu hao wakawa na Daraja la Pili ambalo hawakupewa na mtu yeyote duniani isipokuwa mfasiri.

Hata jina la mtihani lina hatari. Kidato cha nne si mwisho wa sekondari yetu, kiko kidato cha sita mbele yake. Nchini Omani cheti cha kumaliza shule hupatikana baada ya darasa la kumi na mbili na huitwa diploma ya elimu ya jumla. Mfasiri akilitumia jina hilo kwa cheti cha kidato cha nne amempandisha kijana ngazi asiyoifikia, na siku ya kupimwa atashushwa mbele ya watu. Afasiri maneno ya jina la mtihani kama yalivyo, na jina la asili alinakili kando kwa Kilatini.

Kuhusu mihuri, jambo la kwanza ni kwamba mhuri hauchorwi upya. Wako wapiga chapa wa vichochoroni wanaokata picha ya mhuri kwa kompyuta na kuibandika juu ya tafsiri ili ifanane na cheti. Wanadhani wanatunza sura, na kumbe wametengeneza mhuri wa bandia, kwa kuwa Baraza halikupiga mhuri wake juu ya karatasi ile ya Kiarabu. Mhuri huelezwa kwa maneno ndani ya mabano ya mraba, mahali pale pale ulipo katika asili: mhuri wa duara, wino wa buluu, na maandishi yake yakafasiriwa. Penye sahihi huandikwa kuwa pana sahihi, na ikiwa haisomeki husemwa haisomeki. Penye picha ya mtahiniwa husemwa pana picha. Penye mhuri wa kukandamiza usio na wino, ambao katika fotokopi hauonekani kabisa, mfasiri hapana budi awe na cheti chenyewe mkononi, akipapase kwa kidole na kukiinamisha kwenye mwanga. Ukurasa wa nyuma nao ugeuzwe. Mara nyingi huko nyuma ndiko ziliko sahihi za ofisi zilizothibitisha cheti, na tafsiri isiyoutaja ukurasa huo ni nusu ya tafsiri.

Ikiwa mhuri umeangukia juu ya namba ya mtahiniwa na kufunika tarakimu ya mwisho, mfasiri hataitafuta tarakimu hiyo katika karatasi nyingine na kuijaza. Ataandika kwamba tarakimu moja imefunikwa na mhuri. Anafasiri karatasi iliyo mbele yake, basi. Na ikiwa aliyoletewa ni nakala iliyothibitishwa na wakili, mhuri wa wakili nao unafasiriwa, na juu ya ukurasa hutajwa kwamba tafsiri imetoka katika nakala iliyothibitishwa, si katika cheti chenyewe.

Kutokana na hilo mtaona kwamba mpangilio wa safari ya kijana una maana kubwa. Akifasirisha cheti kwanza, kisha akapeleka asili Wizara ya Mambo ya Nje ikagongwa mhuri, mhuri ule mpya haumo katika tafsiri, naye atalipa mara ya pili. Aanze kwa kuuliza ubalozi mambo matatu: wanataka lugha gani, wanamkubali mfasiri gani, na mihuri ya kuthibitisha itangulie tafsiri au ifuate. Balozi hazifanani katika hilo, na la jirani yako mwaka jana si hoja. Tena tunawaomba wazazi waache kupeleka vyeti kutiwa plastiki. Wino wa mhuri haushiki juu ya plastiki, na kuibandua ni kuchana karatasi.

Katika sura ya karatasi, Kiarabu huenda kutoka kulia, kwa hiyo jedwali hugeuka: safu ya masomo inakuwa kulia na ya alama kushoto. Hilo ni sawa, na ndilo badiliko pekee la sura tunaloliruhusu. Mistari ibaki kwa mpangilio wake, somo la tatu katika asili liwe la tatu katika tafsiri. Lakini tarakimu haziendi kutoka kulia, na kompyuta hapa hufanya hila. Tarehe iliyoandikwa kwa vistari vya kati, ikifuata neno la Kiarabu, yaweza kugeuzwa nyuma mbele pasipo mwandishi kuigusa. Aliyeandika 05-03-12, yaani tarehe 5 Machi 2012, hukuta karatasini 12-03-05, na kijana amepata cheti miaka saba kabla ya wakati wake. Yenye mikwaju, 05/03/12, kwa kawaida haigeuki. Mfasiri anayejua kazi huipa tarehe ile alama ya mwelekeo inayoizuia kugeuka, kisha huchapisha, huiweka tafsiri na asili juu ya meza, na mtu mwingine husoma asili kwa sauti, tarakimu moja moja, naye akifuata kwa kalamu juu ya tafsiri. Akitazama kioo cha kompyuta peke yake hataliona kosa, kwa kuwa jicho lake husoma alichokusudia.

Mwisho wa tafsiri pana tamko la mfasiri: jina lake, lugha mbili alizofanyia kazi, kwamba tafsiri ni kamili na haina nyongeza, tarehe, sahihi na mhuri wake mwenyewe, na kila ukurasa una namba yake kati ya jumla ya kurasa. Tafsiri hufungwa pamoja na nakala ya asili ili isitenganishwe. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, hufasiri na kuthibitisha tafsiri, na kijana asiyemjua mfasiri wa kuaminika yafaa aulize huko badala ya kumfuata mtu aliyekutana naye gatini.

Lakini toka Makangale hadi kufika huko ni mbali, na hapa ndipo tunapokuwa na neno na wenzetu wa Chama. Kosa la Hamisi halikuzaliwa ubalozini. Lilizaliwa siku mwalimu alipojaza fomu ya watahiniwa pasipo kuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto mbele yake, na fomu ile ikapita bila mzazi kuitia jicho. Siku hiyo kusahihisha kulikuwa ni kazi ya kalamu na dakika moja. Tunawataka makatibu wa matawi ya Micheweni wakubaliane na walimu wakuu kwamba orodha ya majina ya watahiniwa, kabla haijapelekwa, ibandikwe ukutani shuleni na nakala yake ofisini kwa sheha kwa muda wa wiki moja, kila mzazi aje na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe na kulinganisha herufi kwa herufi. Wazazi wasiojua kusoma wasomewe na vijana wa tawi. Gharama yake ni karatasi chache na gundi, na kazi hiyo yaweza kuanza na watahiniwa wa mwaka huu.